Watu 100, dakika 40, GB 5: kipi kitakukwamisha kwanza kwenye Zoom?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha wafanyabiashara wadogo kutunza hesabu kwa Excel. Kozi ni ya wiki nane, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili usiku, kila kipindi saa moja na nusu. Wanafunzi ni 35. Natumia Zoom ya bure na kila mara inatukata dakika ya 40. Nataka kulipia Pro, lakini mwenzangu anayelipia ananiambia nafasi ya rekodi ilimjaa wiki ya nne. Halafu mwisho wa kozi huwa nafanya semina ya wazi, na mara ya mwisho walijiandikisha 130. Ninunue mpango mkubwa kabisa nimalize? Na wanafunzi nao inabidi walipie?"*

Mwalimu, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo jepesi: wanafunzi wasilipe chochote. Zoom hupima kikao kwa akaunti ya mwenyeji, yaani yule aliyekiandaa. Ukiwa na Pro, mwanafunzi mwenye akaunti ya bure, au asiye na akaunti kabisa, atakaa nawe mpaka mwisho. Kinyume chake ni kweli pia, na hapa wengi hujichanganya. Mwanafunzi mmoja akiwa na Pro yake, kikao ulichokiandaa wewe kwa akaunti ya bure kitakatika dakika ya 40 vilevile. Hata ukimfanya msaidizi wa mwenyeji, saa haiongezeki.

Kuhusu kununua mpango mkubwa umalize, ningekuzuia kwanza. Mipaka hii mitatu haifanani tabia. Muda ni mlango: ama umefungwa ama umefunguliwa, na ukishalipia Pro kikao kinaweza kwenda hadi saa 30, kwa hiyo hutaufikiria tena. Idadi ya watu ni viti: kinachohesabiwa ni waliokaa kwa wakati mmoja, na wakiondoka viti viko wazi kesho. Nafasi ya rekodi ni pipa la maji. Linajaa kidogo kidogo kila kipindi, na halipungui mpaka mtu achote. Kwa darasa la watu 35, milango na viti vya Pro vinakutosha na kubaki. Pipa ndilo litakalokukwamisha, na lilimkwamisha mwenzako, na mara nyingi dawa yake ni swichi mbili tatu kwenye mipangilio, si mpango wa bei zaidi.

Tupige hesabu ya kozi yako. Makadirio ya Zoom yenyewe ni kwamba saa moja ya video hula takriban MB 200, na saa moja ya skrini iliyoshirikiwa bila video hula takriban MB 20. Angalia tofauti hiyo ya mara kumi. Jedwali la Excel hukaa palepale, kinachobadilika ni seli chache, kwa hiyo kompyuta haina mengi ya kuandika. Uso wa mtu husogea kila wakati, na kila kusogea ni data. Tuchukue hali nzito, kana kwamba kipindi chote ni video: saa moja na nusu ni MB 300. Vipindi viwili kwa wiki, wiki nane, ni vipindi 16, jumla MB 4,800. Hiyo ni GB 4.8. Nahesabu kwa pipa la GB 5, kiasi ambacho Pro ilikuwa ikitoa kwa kila leseni. Akaunti yako ikionyesha zaidi, una ahueni, ila hesabu ni ileile. Kwa hiyo kozi nzima inaingia, tena kwa kubanana.

Basi mwenzako alijaza vipi wiki ya nne? Sikuona akaunti yake, lakini wiki ya nne ni dalili ninayoifahamu. Kwenye tovuti ya Zoom, ndani ya Settings, sehemu ya kurekodi, chini ya Cloud recording, yaani kurekodi kwenye wingu, hifadhi ya Zoom ya mtandaoni, kuna visanduku vinavyoamua rekodi itengenezwe kwa sura ngapi. Kuna sura ya anayeongea, kuna sura ya vigae inayoonyesha nyuso za wote (Zoom huiita Gallery view), na kuna skrini iliyoshirikiwa. Vyote vikiwa na alama, Zoom haikutengenezei faili moja lenye mambo matatu. Inakutengenezea mafaili matatu ya video ya kipindi kilekile, na kila moja linakula nafasi yake. Kwa makadirio yetu mazito, MB 300 zinakuwa MB 900. Vipindi vitano ni GB 4.5. Cha sita, Alhamisi ya wiki ya tatu, kinavuka GB 5. Rekodi iliyokwisha kuanza huachwa imalizike, kwa hiyo usiku huo huoni tatizo lolote. Jumanne ya wiki ya nne unabonyeza kitufe cha kurekodi na hakikubali.

Ndiyo maana watu hudhani mfumo umeharibika ghafla. Haukuharibika, ulijaa siku tano nyuma. Zoom hutuma barua pepe nafasi ikikaribia kuisha, ila huenda kwenye anwani uliyofungulia akaunti, na wengi wetu tulifungua kwa anwani tusiyoisoma tena. Hakikisha anwani hiyo ni hai.

Sasa fanya hivi kabla ya kipindi cha kwanza. Ingia zoom.us kwa kompyuta, si kwa programu ya simu, kwa sababu mipangilio hii yote iko kwenye tovuti. Fungua Settings, nenda sehemu ya kurekodi. Washa kurekodi kwenye wingu. Acha alama kwenye sanduku moja tu la video, lile la Record active speaker with shared screen, linalochanganya anayeongea na skrini iliyoshirikiwa. Ondoa la vigae na ondoa lile la kutenganisha sura. Faili la sauti peke yake unaweza kuliacha. Ni dogo, na mwanafunzi mwenye bando dogo atakushukuru kwa kusikiliza akiwa kwenye daladala. Maandishi ya gumzo nayo ni mepesi mno, yaache.

Kuondoa vigae kuna faida ya pili isiyohusu nafasi. Sura ile hubeba nyuso za wanafunzi wako, mtoto anayepita nyuma, kitanda na vyombo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na zote zinakugusa unapohifadhi picha na sauti za watu. Waambie mwanzoni mwa kozi kwamba unarekodi, kwa sababu gani, na rekodi itakaa muda gani. Usichohifadhi hakikudai maelezo.

Jambo jingine la kuchota maji: zima kamera yako ukishaanza kuonyesha jedwali. Salamu na maswali kwa kamera, hesabu kwa skrini. Kipindi chenye nusu saa ya video na saa nzima ya Excel, kwa makadirio yale, ni MB 100 na MB 20, jumla MB 120 badala ya 300. Usizichukue namba hizi kama ahadi. Rekodi kipindi cha kwanza, fungua orodha ya rekodi siku ya pili, soma ukubwa halisi, uuzidishe kwa 16. Namba hiyo moja ina thamani kuliko makadirio yangu yote. Usishtuke rekodi isipoonekana usiku uleule: huchakatwa kwanza, na kwa kawaida huchukua kama mara mbili ya urefu wa kipindi, wakati mwingine zaidi seva zikielemewa.

Je, rekodi za kozi iliyopita ziende wapi? Kozi ikiisha, pakua faili la MP4 la kila kipindi kwenye diski ya nje, hakikisha linafunguka, ndipo ufute kwenye wingu. Kilichofutwa hukaa kwenye kapu la takataka siku 30, na katika siku hizo unaweza kukirudisha ukigundua umekosea. Usiweke mpangilio wa kufuta wenyewe baada ya siku fulani kama huna mazoea ya kupakua. Utakuja kutafuta kipindi cha tano ukute kimekwenda na kapu limemwagwa.

Wengine huhamishia rekodi Google Drive ya bure. Inawezekana, lakini zile GB 15 ni za Drive, Gmail na Picha kwa pamoja. Ukizijaza kwa masomo, Gmail nayo huacha kupokea barua, na risiti za wanafunzi waliolipa hazikufikii. Kwa kozi ya maneno na majedwali ambayo si siri, naona YouTube kwa hali ya Unlisted ni mahali pazuri zaidi: hakuna pipa la kujaa, na mwenye kiungo ndiye anayeona. Angalizo ni kwamba kiungo hicho mwanafunzi anaweza kumpa yeyote, kwa hiyo kama kozi ndiyo bidhaa unayouza, fikiria mara mbili. Na kabla hujapakia, thibitisha akaunti ya YouTube kwa namba ya simu. Isiyothibitishwa haipokei video inayozidi dakika 15, na utaligundua hilo baada ya kuchoma bando.

Kurekodi kwenye kompyuta yako mwenyewe ni njia ambayo hata akaunti ya bure inayo, na haina mpaka zaidi ya ukubwa wa diski. Inafaa kama akiba, ila ina masharti matatu. Haipo kwenye simu: anayefundisha kwa simu hana njia ila wingu, na wingu halipo bila kulipia. Pili, ukitaka wanafunzi waione, ni wewe utakayepakia MB 300 kwa bando lako kila kipindi, wakati rekodi ya wingu tayari iko huko na unatuma kiungo tu. Tatu, faili halimaliziki unapobonyeza kusimamisha. Kikao kikifungwa, Zoom huanza kuligeuza liwe MP4, na hapo ndipo mtu hufunika kompyuta akalala, au umeme hukatika. Asubuhi anakuta ndani ya folda ya Zoom, kwenye Documents, faili lenye jina linaloanza na double_click_to_convert. Usilifute! Hilo ndilo somo lako ambalo halijageuzwa. Libonyeze mara mbili, Zoom ikiwa imesakinishwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na ulisubiri.

Tuje kwenye viti. Pro hupokea watu 100, na wewe mwenyewe ni mmoja wao, kwa hiyo wageni ni 99. Kinachohesabiwa ni vifaa, si vichwa. Mtu aliyeingia kwa simu asikie na kwa kompyuta aone, amekalia viti viwili. Kwa darasa lako la 35, hata wote wakifanya hivyo ni viti 71, bado umo ndani. Kwa semina ya wazi ni hadithi nyingine. Waliojiandikisha 130 si waliohudhuria 130, hasa kwa kitu cha bure. Angalia kumbukumbu zako za mahudhurio ya mara ya mwisho: wakati watu walipokuwa wengi zaidi, walikuwa wangapi? Kama walikuwa 70, huna tatizo la kununua dawa yake. Waombe tu waingie kwa kifaa kimoja.

Kama kweli walikaribia 100, Zoom huuza nyongeza ya vikao vikubwa, ya watu 500 au 1,000, inayobebwa juu ya Pro, na mpango wa Business una watu 300. Kwa tukio la saa mbili kwa kila kozi, binafsi nisingelipia. Pro inakuruhusu kurusha kikao moja kwa moja YouTube. Washa kurusha mubashara ndani ya mipangilio ya vikao, na kwenye YouTube omba ruhusa ya kurusha mapema, maana mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24 kukubaliwa. Siku ya semina, watakaouliza maswali wanaingia Zoom, wengine unawapa kiungo cha YouTube. Watakuchelewa kwa sekunde kama 20, kwa hiyo ukiuliza swali, subiri kidogo kabla ya kusema hakuna anayejibu. Na rekodi ya semina inabaki YouTube bila kugusa pipa lako. Zima kurekodi kwenye wingu siku hiyo.

Sitaki uondoke ukidhani Pro ya Zoom ndiyo njia pekee. Google Meet ya bure inapokea watu 100 na hukata vikao vya watu watatu na zaidi kwenye dakika 60, ikitoa taarifa dakika ya 55. Ukikubali kugawa kipindi chako kuwa dakika 45 mara mbili, na mapumziko ya kunywa chai katikati, hukatwi na hulipi. Huna rekodi, hilo ndilo pengo. Hata mpango wa chini wa kulipia kwa biashara, Business Starter, haurekodi. Katika mipango hiyo ya biashara, kurekodi huanza Business Standard, wenye watu 150, na rekodi huingia kwenye Drive ya mwandaaji ambako nafasi yake ni TB 2. Kwa mtu anayerekodi kila siku na kuweka miaka, hapo ndipo pipa kubwa lilipo. Kwako wewe mwenye saa 24 za mafunzo kwa kozi nzima, na wanafunzi waliokwisha izoea Zoom, naona Pro ya mwezi kwa mwezi inatosha. Usichukue ya mwaka mpaka uwe na uhakika wa kozi nne au tano mfululizo.

Malipo ya mwezi hujirudia yenyewe mpaka uyasimamishe. Wiki nane zinagusa miezi miwili. Simamisha kujirudia mapema ndani ya mwezi wa pili, utaendelea kutumia mpaka muda uliolipia uishe. Lakini pakua rekodi zote kabla ya siku hiyo. Akaunti ya bure haina nafasi ya wingu, na sikushauri kuacha kozi nzima mahali ambapo hulipii tena.

Lipo kosa moja la siku ya kwanza ambalo linaumiza zaidi kuliko yote: mtu analipa, anaanza kipindi, na dakika ya 40 anakatwa vilevile. Sababu karibu kila mara ni moja kati ya mbili. Ama alilipa kwa anwani moja ya barua pepe na programu ya simu au kompyuta iko ndani kwa anwani nyingine, ama leseni ilinunuliwa lakini haikukabidhiwa kwa mtumiaji. Fungua ukurasa wa Profile kwenye tovuti. Pakiandikwa Basic, wewe bado ni wa bure haidhuru risiti inasema nini. Panapaswa kuonyesha kwamba una leseni. Kama ni suala la leseni, nenda User Management, fungua jina lako, ukabidhi leseni. Kisha toka kwenye programu uingie upya. Fanya hivi mchana wa Jumanne ya kwanza, na ufungue kikao cha majaribio na ndugu mmoja kwa zaidi ya dakika 40. Tangu mwaka 2022 hata kikao cha watu wawili kwenye akaunti ya bure hukatwa, kwa hiyo mkivuka bila kukatwa, umethibitisha.

Pale ambapo maneno yangu hayatoshi ni pawili. Faili la kompyuta likigoma kugeuka baada ya kujaribu, usiendelee kulibonyeza wala kusakinisha upya Zoom. Nakili folda nzima kwenye flashi na umpelekee fundi unayemwamini, akiwa na nakala na si faili lenyewe. Na kama akaunti unayofundishia ni ya taasisi, si yako binafsi, baadhi ya swichi nilizotaja utazikuta zimefungwa na kufifia. Hizo hufunguliwa na msimamizi wa akaunti peke yake. Nenda ofisini kwake na majina ya mipangilio mkononi, na muulize pia rekodi zako zitabaki kwa nani mkataba wako ukiisha.